Nambari ya Uanachama, Kitambulisho na Dirisha la Mapokezi: Mama Mjamzito Abebe Nini Anapokwenda Kulazwa

Wazee wetu wengi wangali wanahifadhi ndani ya pochi ile kadi ya plastiki ya NHIF, wakidhani kwamba siku ya shida itawafungulia mlango wa wodi. Kadi hiyo haina kazi tena. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 shughuli za NHIF zimechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo watu wote wanaiita SHA, na uanachama wa zamani haukutosha kumfanya mtu awe mwanachama wa mpango mpya; kila mtu alitakiwa ajisajili upya. Aliyejisajili hakupewa kadi ya kushika mkononi. Alipewa nambari, aghalabu kwa ujumbe wa simu, na nambari hiyo ndiyo kadi yake.

Hapa ndipo panapohitaji kufahamika vyema, kwa kuwa neno “kadi ya kidijitali” limewapoteza wengi. Mtu huipiga picha skrini yake penye jina na nambari, akaiweka ndani ya simu, akatulia. Ilhali karani wa mapokezi haitazami picha hiyo kama dalili ya kuwa umelipiwa. Yeye huingiza nambari yako ya kitambulisho katika mfumo wake, na mfumo ndio unaomjibu: mtu huyu amesajiliwa au hakusajiliwa, mchango wake u hai au umekatika, wategemezi wake ni fulani na fulani. Picha iliyopigwa mwezi wa Rajabu haijui kama mchango umekwisha mwezi wa Shaabani. Kwa hivyo kadi ya kidijitali tuichukulie kuwa ni ufunguo. Kilichomo ndani ya nyumba ni habari nyingine.

Nambari zenyewe nazo huchanganywa. Ya kwanza ni nambari ya kitambulisho cha taifa, ambayo ndiyo karani atakayoanza nayo. Ya pili ni nambari ya uanachama wa SHA, inayoanza kwa herufi CR na kufuatiwa na tarakimu nyingi. Kila mtu ana yake, mume na mke hawachangii moja. Walio na bima ya kampuni binafsi kwa njia ya kazi wana ya tatu, nayo nitaigusia baadaye. Mtu asilazimike kuikariri ile ya CR, maana ni ndefu, na mwenye kitambulisho chake mkononi hutafutwa kwa nambari ya kitambulisho. Lakini kuiandika kwa kalamu kwenye karatasi na kuitia ndani ya kijitabu cha kliniki hakugharimu kitu, na simu huzima.

Jambo jingine la msingi ni tofauti ya kusajiliwa na kulipa. Aliyesajiliwa tu, hata kama hajatoa shilingi, hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 vya serikali. Anayetaka kulazwa hospitali, kufanyiwa upasuaji, au kuzalishwa hospitali kubwa, huyo hutazamwa kama mchango wake umelipwa. Kwa mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya pato lake na mwajiri. Kwa mwenye kujitafutia riziki yake, kama mvuvi, mwenye genge au mama mshonaji, hupimwa kwa maswali juu ya hali ya nyumba yake, kisha huambiwa kiasi cha kutoa, nacho hakipungui shilingi 300 kwa mwezi. Kiasi hicho hutakiwa kwa mwaka mzima kwa pamoja. Aliye katika daraja la chini kabisa, basi, atatoa shilingi 3,600 kwa mkupuo mmoja. Wanawake wengi niwajuao walidhani kutoa 300 ya mwezi mmoja kunatosha kuwafikisha siku ya kujifungua, na hilo silo.

Sasa natunga mfano, na kila kipande chake ni kitu kinachotokea katika mitaa yetu. Mama mmoja wa Kisauni ana mimba ya miezi tisa. Mumewe yuko Doha kikazi. Mwaka jana, kabla hajasafiri, mume alikwenda kwenye duka la kompyuta, akalipa kijana amsajili yeye, mke na watoto wawili. Kijana alifanya kazi upesi, na palipotakiwa nambari ya simu ya mke, mume akataja yake. Mchango wa mwaka ukalipwa. Kwa mtazamo wao, kazi imekwisha.

Usiku wa manane uchungu unaanza. Mama anakwenda hospitali na shemeji yake wa kike. Karani anaingiza nambari ya kitambulisho, na jina linatokea. Kisha anataka kuthibitisha kwamba huyu aliyesimama mbele yake ndiye mwenye jina. Uthibitisho huu hufanywa kwa alama ya kidole, na pengine kwa nambari ya siri ya muda mfupi ambayo mfumo huituma kwenye simu iliyosajiliwa. Katika mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisukuma hospitali ziache ile nambari ya simu na zitumie vidole, kwa sababu ya udanganyifu uliokuwa ukifanyika. Lakini mtu ajitayarishe kwa yote mawili. Mama wetu anaweka kidole, kinakataliwa. Anajaribu tena, kinakataliwa. Karani anatuma nambari ya siri, nayo inakwenda kwenye laini ya mume, ambayo iko ndani ya droo mjini Doha, maana kule anatumia laini ya kule. Mama anaambiwa aketi.

Tuangalie mambo mawili yaliyomkwamisha, kwa kuwa yote mawili yana dawa, na dawa yake hutolewa mchana, si usiku huo.

La simu ni jepesi. Kila mwanamke mwenye kitambulisho asajiliwe kwa laini yake mwenyewe, iliyo ndani ya simu anayoibeba kila siku. Haidhuru iwe ile simu ndogo ya vitufe. Ujumbe wa maandishi unaingia. Anayetaka kujua amesajiliwa kwa laini gani na hali yake ikoje apige *147# kwa laini yake, au mwenye simu ya intaneti afungue afyayangu.go.ke. Akikuta kwamba nambari iliyoandikwa si yake, bali ni ya mume, ya kijana wa duka, au ya mhudumu wa afya aliyepita nyumba kwa nyumba, aende ofisi ya SHA au Huduma Senta na kitambulisho chake ibadilishwe. Hilo la kijana wa duka si mzaha. Kijana mwenye kusajili watu hamsini kwa siku hujichokea kuuliza nambari za simu, akaandika yake.

La kidole lina sababu zaidi ya moja, na moja inatuhusu sana sisi watu wa Pwani. Kifaa husoma mistari iliyoinuka juu ya ngozi ya ncha ya kidole. Mikono iliyofua kwa sabuni kali miaka na miaka, iliyokuna nazi, iliyosuka makuti, huwa mistari yake imelika, na bibi wa miaka sabini huenda hana kidole kinachosomeka vizuri. Ngozi iliyokauka husomeka vibaya kuliko iliyo na unyevu kidogo. Na juu ya yote hayo kuna hina na piko. Mama mjamzito katika mwezi wa tisa aghalabu hupambwa, na pambo zuri ni lile linalofunika ncha za vidole kwa weusi mzito. Kwenye baadhi ya vifaa, weusi huo na ule utando wa rangi juu ya ngozi huficha mistari. Sisemi mtu asipambwe. Nasema aache vidole viwili vya kila mkono bila rangi kwenye ncha, na gumba liwe moja katika hivyo, mpaka atakaporudi nyumbani na mtoto wake. Usiku wenyewe, kidole kikikataliwa, mama aoshe mikono, aikaushe, apake mafuta kidogo sana na kuyafuta, kisha aombe kidole kingine kijaribiwe. Karani aliyechoka hujaribu kimoja tu.

Yule mama wa Kisauni hakutakiwa kungoja hata hivyo, na hili kila familia ilijue. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mwanamke aliye katika uchungu uliokolea, au anayevuja damu, huingizwa kwanza, na makaratasi hufuatiliwa na aliyemsindikiza. Shemeji ndiye asimame dirishani. Mgonjwa apelekwe ndani. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba msindikizaji awe mtu mwenye kujua kilichomo ndani ya mkoba, wala si yeyote aliyepatikana macho saa ile.

Kuna suala la uso. Karani ana haki ya kulinganisha sura na picha ya kitambulisho, na mwenye kuvaa nikabu ana haki ya kuomba jambo hilo lifanywe na mwanamke, kando na umati. Katika hospitali zetu za Pwani makarani wengi ni wanawake, na ombi kama hili likitolewa kwa upole hukubaliwa bila mzozo. Litolewe mapema, kabla ya foleni nzima kugeuka kutazama.

Kisha kuna majina. Mwanamke wetu haachi jina la babake anapoolewa, kwa hivyo kitambulisho chake hakioneshi kwa vyovyote kwamba ni mke wa fulani. Kwenye mfumo huonekana kuwa mke kwa sababu tu mtu alimwandika hivyo. Pakiwa na shaka, kinachoondoa shaka ni cheti cha ndoa cha Kadhi, nacho wengi wetu hatunacho. Tuna ndoa, tuna mashahidi, tuna picha za harusi, hatuna karatasi. Mwenye wake zaidi ya mmoja ahakikishe kila mmoja amesajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe, wala asidhani kwamba wa pili ameingia kwa kivuli cha wa kwanza. Tena kuna tahajia: baba kitambulishoni ni Mohamed, katika cheti cha kuzaliwa cha mtoto ni Muhammad, na kwenye bima ya kazini ni Mohammed. Kwa masikio ni jina moja, kwa mashine ni watu watatu. Penye tofauti, karani hutegemea nambari, si jina, na ndiyo faida ya kubeba kitambulisho chenyewe badala ya kutaja jina kwa mdomo.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Dada mmoja ana mchango ulio hai. Mdogo wake hana, na amefikwa na uchungu. Sura zao zafanana. Familia inakaa kikao cha dakika tano na kuamua mdogo aingie kwa kitambulisho cha dada. Watu huliona hili kuwa ni kusaidiana. Sheria inalihesabu kosa, na kwa upande wa dini sioni njia ya kuliita jina jingine ila ghushi. Lakini hata asiyejali sheria atazame kinachofuata. Faili linafunguliwa kwa jina la dada. Kundi la damu, presha, dawa zinazomdhuru, vyote vinaandikwa kuwa ni vya dada, na siku dada mwenyewe atakapolazwa, daktari atasoma habari za mwili usio wake.

Kilicho kizito zaidi ni mtoto. Hospitali humwandikia mtoto aliyezaliwa humo taarifa ya kuzaliwa, na jina la mama linaloingia humo ni la yule aliyelazwa kwa mujibu wa faili. Kwa karatasi hiyo ndiyo hutolewa cheti cha kuzaliwa. Basi mtoto ametoka hospitali akiwa, kwa serikali, ni mwana wa mama yake mkubwa. Na hapo baba wa karatasi ni nani? Wakiandika mume halisi wa mdogo, karatasi inasema kwamba mume huyo amezaa na shemeji yake. Wakiandika mume wa dada, mtoto amepewa nasaba isiyo yake. Kulirekebisha hilo kwenye ofisi ya usajili kunahitaji viapo na barua ya hospitali inayokiri kwamba aliyelazwa si yule aliyeandikwa, barua ambayo hospitali haitaitoa kwa furaha, kwa kuwa imekwisha kudai malipo kwa jina lile. Na sisi watu wa Pwani hatuna haja ya kuelezwa ni nini kumtuma kijana wa miaka kumi na minane akatafute kitambulisho cha taifa na makaratasi ya mama yasiyolingana. Shilingi elfu kadhaa zilizookolewa usiku ule hulipwa mara nyingi, na anayelipa ni mtoto.

Nao ufumbuzi wa yule mdogo asiye na mchango haukuwa mgumu hivyo. Kiwango ambacho SHA huilipa hospitali kwa kujifungua kwa kawaida ni shilingi 10,000, na kwa upasuaji shilingi 30,000. Mchango wa mwaka mzima wa mtu wa daraja la chini, zile 3,600, ni mdogo kuliko gharama ya kuzaa mara moja kwa kawaida. Michango ambayo shangazi na mashemeji hukusanya baada ya bili kutoka, wangeikusanya mwezi wa nne wa mimba, pesa zingebaki. Ifahamike tu kwamba viwango hivyo ni vya SHA. Hospitali ya binafsi ambayo bei yake ni zaidi humdai mgonjwa tofauti, na hilo huulizwa kwa miguu kabla ya siku, pamoja na kuuliza kama hospitali hiyo ina mkataba na SHA.

Wenye bima ya kampuni binafsi kupitia kazini maneno yao ni machache. Nambari ya bima ya kampuni nzima si nambari yako. Yako aghalabu ina kiambishi mwishoni, kinachomtenga mwenye kazi na mkewe, na mke na kila mtoto. Ukitaja nambari ya mume kwa ajili ya mtoto, mashine itamtafuta mume. Kulazwa, tofauti na kuonwa na daktari tu, huhitaji hospitali iombe idhini kwa kampuni, na idhini hiyo huweza kuchukua saa kadhaa, kwa hivyo upasuaji uliopangwa uombewe idhini siku kabla. Bima ya kazini nayo haimwondolei mtu SHA, kwani mwajiri anaikata vilevile. Mara nyingi SHA hulipa sehemu yake kwanza na bima binafsi ikamalizia. Beba vyote viwili.

Basi mkoba wa mama uwekwe tayari tangu mwezi wa saba. Ndani yake kiwe kitambulisho chenyewe cha asili, na nakala mbili za karatasi pembeni, kwa kuwa mashine ya nakala ya hospitali usiku huwa imefungwa. Kijitabu cha kliniki, ambacho kwa daktari kina thamani kuliko bima yoyote. Ile karatasi yenye nambari ya CR, nambari ya simu iliyosajiliwa, na nambari ya mume yenye kupatikana huko aliko. Simu yenyewe na waya wake wa chaji. Kwa aliyetumwa kutoka zahanati ya chini, barua ya rufaa. Anayempeleka mtoto kulazwa, badala ya mama, abebe cheti cha kuzaliwa cha mtoto au taarifa yake ya kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha mzazi, na ahakikishe kabla kwamba mtoto huyo ameingizwa kwenye orodha ya wategemezi. Wengi husajili wawili wa kwanza na kumsahau wa tatu, aliyezaliwa baada ya usajili.

Siku ya kutoka, mgonjwa huombwa tena kidole au saini, ili hospitali iweze kudai malipo yake. Asitie saini fomu tupu, hata akiambiwa itajazwa baadaye ili asicheleweshwe. Asome idadi ya siku na jina la huduma, aone kama ndivyo ilivyokuwa. Yamekuwako madai mengi ya huduma ambazo hazikufanywa, na fomu tupu yenye saini ya kweli ndiyo mbegu yake.

Na kabla ya kuteremka ngazi za wodi, mama aombe kipande cha taarifa ya kuzaliwa na kukisoma mwenyewe, herufi kwa herufi: jina lake kama lilivyo kitambulishoni, nambari ya kitambulisho, jina la baba, tarehe. Kosa likionekana hapo, muuguzi aliyeandika yupo. Kwa kipande hicho mtoto huongezwa kwenye orodha ya wategemezi wa SHA, na kwa kipande hicho huombwa cheti cha kuzaliwa, ndani ya miezi sita, kabla usajili wake haujaingia katika ule wa kuchelewa.